Saa Tisa kwa Jua la Unguja

Hotuba ya ukaribisho katika mkutano wa mtandaoni wa watu wa mitaa ya Hurumzi na Kiponda, walioko Unguja na walioko ng'ambo, Jumamosi tarehe 15 Machi 2025. Imechapwa hapa kama ilivyosomwa.

Waheshimiwa wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu na majirani zangu, namaste, na assalamu alaykum.

Nimechagua salamu hizi kwa makusudi, kwa sababu hazina saa ndani yake. Ningesema habari za mchana, ningewasalimu watu wa Unguja na kuwasahau wengine wote. Hapa nilipokaa ni saa tisa alasiri na jua bado ni kali juu ya mabati. Maskati ni saa kumi alasiri. Wenzetu wa Mumbai na Rajkot wamekwisha fika saa kumi na moja na nusu jioni. Lesta ni saa sita kamili mchana, na Toronto ni saa mbili asubuhi, chai iko mezani. Vankuva ni saa kumi na moja alfajiri, na walioko huko wameamka gizani kwa ajili yetu. Sidni ni saa tano usiku, na kabla hatujamaliza kikao hiki kwao itakuwa Jumapili. Kwa hiyo nawakaribisha wote, kila mmoja katika saa yake.

Kabla ya kumwachia nafasi dada yetu atakayeonyesha picha, naomba mniruhusu nieleze jinsi saa hii ilivyopatikana. Ninayo sababu ya kueleza, na sababu hiyo ni kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana, tarehe 16 Machi 2024, tulifanya mkutano wetu wa kwanza wa namna hii. Kazi ilikuwa ile ile ya leo: kuzitazama picha za zamani za maduka na baraza za mitaa yetu, na kuandika chini ya kila picha majina ya waliomo, maadam wapo bado wanaowakumbuka. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupeleka barua za mwaliko. Tulipanga kuanza saa kumi na moja jioni ya Unguja. Nimefanya biashara na watu wa Kanada kwa miaka mingi, na kichwani mwangu hesabu ilikuwa moja tu: kwa Toronto, toa saa nane. Nikatoa saa nane, nikaandika katika barua zao kwamba mkutano utaanza saa tatu asubuhi.

Hesabu ile ni sahihi wakati wa baridi. Lakini nchini Kanada, kama Marekani, watu wengi husogeza saa zao mbele kwa saa moja katika Jumapili ya pili ya mwezi wa Machi. Mwaka jana Jumapili hiyo ilikuwa tarehe 10, siku sita tu kabla ya mkutano wetu. Tangu siku hiyo tofauti yetu na Toronto haikuwa tena saa nane, ilikuwa saa saba. Saa kumi na moja jioni ya hapa ilikuwa saa nne asubuhi ya kwao, nami nilikuwa nimewaandikia saa tatu.

Mzee wetu mmoja, aliyezaliwa Kiponda na kuuza vitambaa pale hadi alipohama, alikuwa Toronto. Alivaa koti lake, akakaa mbele ya kompyuta ya mwanawe saa tatu kasoro dakika tano. Aliona maandishi yanayosema kwamba mwenyeji wa mkutano bado hajafungua. Akangoja. Ilipofika saa tatu na nusu akauliza kama kiungo kilikuwa kile kile. Ilipofika saa nne kasoro robo akasema, labda wameahirisha, akainuka. Dakika kumi na tano baadaye mimi nikafungua mkutano, nikasema karibuni.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila anayeandaa mkutano wa namna hii alishike. Dalili ilikuwepo, nami niliiona, ila sikuisoma. Hakuwepo hata mtu mmoja kutoka Toronto. Niliita mara mbili, pakawa kimya, nikasema moyoni kwamba pengine wana shughuli zao za Jumamosi. Mtu mmoja akikosekana, hizo huenda ni shughuli zake. Mji mzima ukikosekana, tazama saa yako wewe.

Picha ya kumi na nne katika mkusanyiko wetu ni ya duka lenye milango miwili. Nje kuna mizani kubwa na magunia, na kando ya mizani amesimama kijana aliyevaa tarabushi, mkono mmoja ameuweka juu ya gunia. Mzee yule aliwahi kumwambia mwanawe kwamba anamjua kijana huyo, na kwamba siku ya mkutano atalitaja jina lake na jina la baba yake. Nilimwandikia barua ya kumwomba radhi, naye akanijibu kwa upole kwamba tutakutana mwaka ujao. Alifariki mwezi wa Novemba. Chini ya picha ya kumi na nne bado pana nafasi tupu.

Sisemi haya ili niwahuzunishe. Nayasema kwa kuwa tulipokaa kupanga mkutano wa leo, picha ile ilikuwa mezani mbele yetu, nasi tukaamua kuifanya hesabu upya tangu mwanzo.

Jambo la kwanza tuliloona ni kwamba tumeiweka siku yetu katikati ya majuma matatu yaliyo magumu kuliko yote ya mwaka. Kanada na Marekani wamekwisha kusogeza saa zao tarehe 9 mwezi huu. Uingereza watasogeza Jumapili ya mwisho ya Machi, yaani tarehe 30. Hapo katikati, hata wao kwa wao tofauti yao si ile waliyoizoea: Lesta na Toronto, ambazo kwa sehemu kubwa ya mwaka zimepishana kwa saa tano, leo zimepishana kwa saa nne. Sidni nao wako upande wa kusini wa dunia, ambako kiangazi kinakwisha, na saa zao zitarudi nyuma tarehe 6 Aprili. Sisi wa Unguja, pamoja na Maskati na Uhindi, hatusogezi kitu. Tuko karibu na mstari wa Ikweta, na tofauti kati ya siku yetu ndefu kuliko zote na ile fupi kuliko zote haifiki saa moja. Lesta wakati wa kiangazi wanaona mwanga kwa zaidi ya saa 16, na wakati wa baridi kwa chini ya saa 8. Ndiyo maana wao wanaona faida ya kuchezea saa, na sisi hatuioni.

Kwa hiyo tumeacha kabisa kutoa na kujumlisha kwa kichwa. Tulichukua saa moja isiyosogezwa na mtu yeyote, ile inayoandikwa UTC, tukaifanya kuwa nguzo. Unguja iko saa tatu mbele ya nguzo hiyo, leo na siku zote za mwaka. Saa tisa alasiri ya hapa, ambayo simu inaiandika 15:00, ni 12:00 UTC. Kisha kila mji tukaupima kwenye nguzo hiyo kwa tarehe ya leo, si kwa tarehe tuliyokuwa tunaandika barua. Huo ndio mtego uliominasa mwaka jana: saa ya mji hupimwa kwa siku ya mkutano wenyewe. Mwenye simu anaweza kufanya hivyo bila hesabu yoyote. Aandike mkutano katika kalenda ya simu, achague saa za Dar es Salaam, ambazo kwenye orodha nyingine huonekana kama Africa/Dar_es_Salaam, kisha awapelekee wenzake mwaliko kutoka kalenda hiyo. Simu ya kila mmoja itaonyesha saa ya mahali alipo, ikiwa imekwisha hesabu mabadiliko yote.

Lakini hata simu haiwezi kutusaidia katika jambo la pili, nalo ni letu wenyewe. Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo na machweo. Jua likisha kuchomoza tunaanza moja, nalo likizama tunaanza moja tena. Vijana wetu waliozaliwa ng'ambo wanakisema Kiswahili cha nyumbani, lakini saa wanaisoma kwa namba za ukutani. Mwaka jana bibi mmoja wa Lesta alipata barua iliyosema mkutano utaanza saa nane mchana. Mjukuu wake akamsomea nane, akamwamsha mapema, akamvisha, akamkalisha mbele ya kioo saa nane ya Kiingereza, asubuhi. Bibi alikaa na birika la chai kwa saa sita. Yeye alitusubiri mpaka tukafungua, na aliponieleza alicheka, lakini mimi sikupata la kusema. Safari hii kila mwaliko umeandikwa saa mara mbili, kwa Kiswahili na kwa tarakimu za simu, pamoja na jina la siku na jina la mji. Ukiona maandishi hayo ni marefu, mkumbukeni bibi yule na birika lake.

Sasa mtauliza, kwa nini saa tisa, na siyo saa kumi na moja kama mwaka jana? Ndugu zangu, tuko katika mwezi wa Ramadhani, na nusu ya waliomo katika picha hizi ni Waislamu, na watoto wao na wajukuu wao wako nasi leo. Saa kumi na moja ya Unguja ni saa kumi na mbili ya Maskati, na leo jua la Maskati linatua mnamo saa kumi na mbili na robo. Tungewaita majirani zetu wakati sahani za futari zinatandikwa. Kwa kuanza saa tisa, tutamaliza saa kumi na moja, na mtu wa Maskati atafunga kompyuta akiwa bado na nafasi ya kutia udhu. Hapa Unguja futari itakuwa bado mbali zaidi ya saa nzima.

Waliofunga huko Mumbai hatukuweza kuwakwepesha. Kwao jua litatua katikati ya kikao, wakati hapa ni saa kumi na robo na dakika chache. Kwa hiyo saa kumi na robo kamili tutasimama kwa dakika kumi na tano. Wa Mumbai watafungua saumu zao, na wa Unguja wasiokwisha sali alasiri watapata nafasi. Sisi wengine tutanyoosha miguu.

Nawaambieni wazi kwamba hakuna saa inayomfaa kila mtu. Tuliipima kila saa ya mchana na ya usiku katika miji saba, na kila mara mji mmoja au miwili iliangukia usingizini. Leo mzigo umewaangukia Vankuva na Sidni. Tungewapunguzia Vankuva kwa kuchelewa saa mbili, tungewatupa Sidni saa saba usiku, na Maskati tungewavunjia futari. Tulichoweza ni kuukubali mzigo na kuubeba kwa zamu. Kikao cha pili kitakuwa Jumamosi tarehe 5 Aprili, saa mbili asubuhi ya Unguja, yaani 05:00 UTC. Siku hiyo Sidni watakaa nasi saa kumi jioni, wakiwa na jua lao. Vankuva kwao itakuwa bado Ijumaa tarehe 4, saa nne usiku, na hilo nawaomba waliandike kwa kalamu nyekundu, maana mkutano wa Jumamosi kwao ni mkutano wa Ijumaa. Lesta wataamka saa kumi na mbili asubuhi, na kufikia hapo saa zao zitakuwa zimekwisha sogezwa. Toronto watakesha, kwa kuwa kwao itakuwa saa saba usiku. Nimewapigia simu wawili wao kabla ya kulipanga hilo, nao wamekubali.

Kwa sababu hiyo hiyo, leo hatutapitisha jina lolote moja kwa moja. Mwaka jana tulifanya hivyo: aliyekuwepo alisema, tukaandika, tukafunga. Tukawa tumeamua juu ya watu ambao jamaa zao walikuwa wamelala. Safari hii kila jina litakalotajwa litaandikwa kwa penseli, tuseme hivyo. Picha na majina yatapelekwa kwa wote usiku huu wa Unguja. Mwenye kulikubali jina, au kulikataa, au kuongeza jingine, aandike kabla ya Jumapili tarehe 23 Machi saa tatu usiku ya Unguja, ambayo ni 18:00 UTC. Tumekwepa kusema saa sita usiku, kwa sababu hapo hakuna anayejua kama ni usiku wa kuamkia tarehe hiyo au wa kuimaliza. Tumekwepa pia neno kesho, kwa kuwa baada ya saa moja kutoka sasa kesho yetu itakuwa leo ya Sidni.

Limebaki jambo moja la adabu ya kikao. Sauti inayotoka Vankuva inasafiri nyaya ndefu chini ya bahari kabla ya kufika Unguja, na mitambo ya njiani nayo huishika kidogo. Ucheleweshaji huo ni mdogo, hata sekunde moja haujai, lakini unatosha kuharibu mazungumzo. Nikiuliza, nani anamjua mtu huyu, nanyi mkajibu kwa pamoja, walio karibu watasikika kwanza, na wa mbali watanyamaza wakidhani wamekatiza. Mwaka jana wa hapa Unguja tulizungumza sana, na niliposikiliza kanda baadaye nilisikia sauti ya Bi mmoja wa Maskati ikianza mara tatu na kukatika mara tatu. Kwa hiyo leo dada yetu ataita mji baada ya mji, akianzia walio mbali, na kila mji utaitwa hata kama hakuna aliyeinua mkono. Akikuita, hesabu moja, mbili, kisha sema. Asiyezungumza azime kipaza sauti chake. Na mji wowote utakaoitwa usijibu, safari hii hatutaupita. Nimekaa na simu zangu mbili hapa mezani, nami nitawapigia watu wake hapo hapo.

Mkutano unarekodiwa. Sauti zitahifadhiwa zote, hata zile ambazo hatukubaliani nazo, pamoja na tarehe na mji wa msemaji. Pengine baada ya miaka ishirini mtu atataka kujua jina fulani lilitoka kwa nani, naye asitukute.

Wazee wetu, mnajua kwamba zamani katika mitaa yetu hapakuwa na haja ya barua ya mwaliko. Jua lilipopoa, watu walitoka barazani, na kahawa ikapita. Aliyekosekana aliulizwa, na mtoto alitumwa mlangoni kwake kumtazama. Ninachotaka leo ni hicho tu, kwamba aliyekosekana aulizwe.

Tutaanza na picha ya kumi na nne. Mwanawe yule mzee yuko nasi kutoka Toronto, saa yake ni saa mbili asubuhi, nami nilithibitisha naye mara mbili, jana na leo. Yeye hakuambiwa jina. Alichokumbuka ni kwamba baba yake, kila alipoitazama picha, alikuwa akiugusa mkono ule ulio juu ya gunia na kucheka peke yake. Kwa hiyo mtazameni sana kijana huyo wa tarabushi, mumtazame mkono, mutazame na mlango ulio nyuma yake. Anayemjua, au anayedhani anamjua, asione haya kusema. Tutaandika kwa penseli.

Karibuni sana. Dada, picha tafadhali. Tunaanza na Sidni.